Kisima kimeishinda barabara, barabara imezishinda taa, taa zimekishinda kisima. Wakuu, mshindi ni nani?

Katibu wa Bondeni

Salaam wakuu. Mimi ni katibu wa umoja wa wakazi wa mtaa wetu, kaya 15 tu, huku pembezoni mwa mji. Tumechanga kwa muda mrefu na sasa hela inatosha mradi mmoja kati ya mitatu: kuchimba kisima kirefu, kumwaga kifusi kwenye barabara ya kuingilia, au kufunga taa za sola njiani. Mkutano uliopita tuliamua kupambanisha miradi miwili miwili ili mambo yasiwe mengi.

Kisima kwa barabara: kisima kura 9, barabara 6. Watu wakapiga makofi. Barabara kwa taa: barabara 11, taa 4. Mwenyekiti akataka kufunga kikao, kwamba kisima kimeshinda barabara na barabara imeshinda taa, kwa hiyo kisima ndiyo bingwa. Mama mmoja akasimama akasema hapana, kisima na taa havijakutana. Tukapiga: taa 10, kisima 5.

Hapo ukumbi ukachafuka. Sasa watu wananiuliza mimi kama mhesabu kura, na wengine wananitazama vibaya. Naomba mnisaidie: hii inawezekanaje, na tuchimbe au tumwage kifusi?

Kitukuu

Katibu usizunguke. Hapo kuna watu wamenunuliwa kati ya kura ya pili na ya tatu. Kura za siri zikipigwa bila mawakala, matokeo ndiyo hayo. Rudieni, na kila kambi iweke mtu wa kuhesabu.

Katibu wa Bondeni

Kitukuu, hazikuwa za siri. Watu walinyoosha mikono, kaya moja mkono mmoja, na kila mtu alimwona jirani yake. Hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Ndiyo maana nimeleta huku.

Mama Rehema

Pole katibu. Kabla watu hawajaanza kutuhumiana, fanya jambo moja. Pita nyumba kwa nyumba, umwulize kila mmoja apange yote matatu: la kwanza lipi, la pili lipi, la mwisho lipi. Ukishapata orodha hizo utajua kama kuna mtu aliyebadilika au la. Sisi kikundi chetu cha kukopeshana tuliwahi kufanya hivyo na ugomvi ukaisha.

Katibu wa Bondeni

Ahsante Mama Rehema. Nimepita jana na leo. Kumbe watu wako makundi matatu tu, sikutarajia:

Kaya 5 (wa juu, wanaonunua maji ya boza): kisima, kisha barabara, kisha taa.
Kaya 6 (wenye bodaboda, bajaji na maduka): barabara, kisha taa, kisha kisima.
Kaya 4 (wa kule mwisho kwenye vichaka, walioibiwa): taa, kisha kisima, kisha barabara.

Nimelinganisha na mikono iliyonyooshwa. Inalingana yote.

Mwalimu Mstaafu

Basi katibu lala usingizi, hakuna aliyekudanganya.

Twende taratibu kwa orodha zako. Kisima na barabara: wanaokiweka kisima juu ya barabara ni wale 5 na wale 4, jumla 9. Barabara na taa: wanaoitanguliza barabara ni wale 5 na wale 6, jumla 11. Taa na kisima: wanaozitanguliza taa ni wale 6 na wale 4, jumla 10. Kila ushindi ni wa kweli, na kila mara wengi walioshinda si wale wale. Hilo ndilo watu wanalolisahau. Tunasema "wengi wameamua" kana kwamba wengi ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja. Mtu mmoja akipenda kisima kuliko barabara, na barabara kuliko taa, tunatarajia apende kisima kuliko taa. Kila kaya yako iko hivyo, imenyooka kabisa. Ukiziunganisha kwa kura, mtaa ndio unaozunguka.

Jambo hili si geni. Mfaransa Condorcet alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1785, kabla ya mapinduzi yao.

Mzalendo Halisi

Mwalimu samahani, nilivyosoma mimi aliyegundua hili ni Kenneth Arrow, Mmarekani, akapewa Nobeli.

Mwalimu Mstaafu

Nobeli alipata, mwaka 1972. Kitabu chake ni cha 1951. Lakini duara lenyewe lilikuwa limeshajulikana. Alichokifanya Arrow ni kikubwa zaidi: aliuliza kama ipo njia *yoyote* ya kuunganisha orodha za watu kuwa orodha moja ya kundi, penye machaguo matatu au zaidi, bila kuvunja masharti machache ambayo wengi wetu tungeyakubali. Akathibitisha kwamba haipo. Kwa hiyo kubadili njia ya kupiga kura hakukuondolei tabu, kunaihamisha tu.

Fundi Sefu

Mnayapeleka mbali wakubwa. Kila mtu ataje mradi wake mmoja, mwenye kura nyingi achukue. Barabara ina 6, kisima 5, taa 4. Kifusi kimwagwe, watu wakalale.

Mama Rehema

Fundi, kaya 9 kati ya 15 zinataka kisima kuliko barabara. Utawaambiaje wameshindwa na 6?

Fundi Sefu

Nitawaambia walipopewa nafasi ya kutaja walitaja vitu viwili tofauti. Wangekaa pamoja mapema.

Mwanakaunti

Niko Nakuru, nimefurahia huu uzi. Huku kwetu rais lazima apate zaidi ya nusu, la sivyo wawili wa juu wanarudi debeni. Fanyeni hivyo. Taa ni za mwisho, zitoke. Wale 4 wa taa wana kisima kama chaguo la pili, kwa hiyo kisima kinapata 9, barabara 6. Mshindi halali, nusu na zaidi.

Kitukuu

Mwanakaunti ongezea na asilimia 25 kwenye angalau kaunti 24 kati ya 47. Nusu peke yake haitoshi Kenya.

Mwanakaunti

Ni kweli, sharti hilo limo kwenye Katiba ya 2010. Ila kwa mtaa wa kaya 15 tuliache.

Mwalimu Mstaafu

Mwanakaunti, duru ya pili imempata mshindi, sawa. Lakini angalia alichokitoa. Taa zimetupwa nje katika duru ya kwanza, na taa ndizo pekee zinazokishinda kisima, kura 10 kwa 5. Duru ya pili haikuonyesha kwamba duara halipo. Ilimwondoa mpinzani mmoja kabla hajakutana na mshindi.

Na katibu, naomba uliangalie hili kwa makini maana ndilo litakalokuletea matata. Mwenyekiti wako alitaka kufunga kikao baada ya mapambano mawili. Tuseme utaratibu ni huo: miwili inakutana, mshindi anakutana na wa tatu, basi. Ukianza na kisima kwa barabara, kisima kinapita, kisha kinakutana na taa, taa zinashinda. Ukianza na barabara kwa taa, barabara inapita, inakutana na kisima, kisima kinashinda. Ukianza na taa kwa kisima, taa zinapita, zinakutana na barabara, barabara inashinda. Watu ni wale wale, orodha ni zile zile. Anayeingia wa mwisho ndiye anayeshinda kila mara. Maana yake mwenye kupanga ajenda, akizijua orodha za watu, ameshachagua mradi kabla hajafungua kikao, na hakuna atakayeweza kumwonyesha kura hata moja iliyoibiwa.

Bajaji Na. 7

Ndiyo maana mwenyekiti wa maegesho yetu hoja yake huwa anaileta mwisho, watu wakiwa wamechoka! Na siku zote inapita.

Binti Mvita

Bajaji huyo wenu huenda anawachosha tu, si lazima ajue Condorcet 😀

Lakini Mwalimu, watu nao si wajinga. Tuseme wale 5 wa kisima wanajua utaratibu ni kisima kwa barabara kwanza, halafu taa. Wanajua wakikipigia kisima kitapita, halafu kitapigwa na taa, na taa kwao ndizo za mwisho kabisa. Kwa nini wasiipigie barabara tangu mwanzo? Barabara inapata 11, inapita, kisha inazishinda taa 11 kwa 4. Wamepata chaguo lao la pili badala ya la tatu. Wewe ukimtazama kwenye kikao unamwona mtu wa kisima ananyoosha mkono kwa barabara, unasema kahongwa.

Mwalimu Mstaafu

Binti Mvita umeigusa penyewe. Na ndiyo maana mikono ya kikao haikuambii daima mtu anataka nini. Katibu amefanya vema kupita nyumba kwa nyumba, ingawa sasa wameshajua orodha za wenzao. Akipita tena huenda asipate majibu yale yale.

Mchumi Chipukizi

Nawasalimu. Nadhani mnatisha watu bure. Darasani tulifundishwa kwamba kwenye kura ya wengi anayeamua ni mpiga kura wa katikati. Kuna nadharia nzima ya hilo, ya Duncan Black, 1948. Pendekezo la mtu wa katikati linashinda mengine yote moja moja. Kwa hiyo duara haliwezi kutokea kura zikipigwa kwa haki. Katibu tafuta mtu wa katikati tu.

Katibu wa Bondeni

Mkuu, katikati ya kisima na taa ni nini?

Binti Mvita

Swali la katibu ndilo jibu lenyewe. Mchumi, nadharia ni ya kweli lakini umeiacha nusu. Nitatoa mfano wa chama chetu cha akina mama hapa Mombasa.

Tuko saba. Tulikuwa tunaamua mchango wa mwezi, na kila mtu alikuwa na kiwango chake moyoni. Niviandike kwa shilingi mia: 5, 10, 10, 20, 30, 50, 100. Mtu wa katikati ni wa nne, anataka 20. Aliyesema 30 akashindana na 20: waliokuwa 20 na chini ni wanne, 20 ikapita. Aliyesema 10 akashindana na 20: waliokuwa 20 na juu ni wanne, 20 ikapita tena. Hakuna kiwango kilichoweza kuitoa 20. Na yule wa 100 hata angesema 300 isingebadilika kitu, maana angebaki upande ule ule wa katikati. Ukipiga wastani wa kugawanya ungepata zaidi ya 32, na wanne kati ya saba wangekataa.

Hiyo inafanya kazi kwa sababu viwango vimepangwa kwenye mstari mmoja, na kila mtu ana kilele kimoja. Ukienda mbali na kilele chake, juu au chini, anaridhika kidogo zaidi na zaidi. Mwenye 20 anapenda 30 kuliko 50. Hapo Black yuko sahihi kabisa. Kisima, barabara na taa havina mstari huo. Jaribu kuvipanga utakavyo, kundi moja litakuwa limeweka cha katikati mwisho.

Mchumi Chipukizi

Sawa, lakini ukichagua mambo yanayopimika kwa pesa, mstari upo daima. Kwa hiyo pesa hazizunguki.

Mlinzi wa Zamu

Hapana kaka, mimi nimeona. Nafanya kazi ya ulinzi kwenye nyumba za kupanga, na waliwahi kubishana kuhusu sisi. Machaguo yalikuwa matatu, yote ya pesa: wasiwe na mlinzi, wawe na mmoja wa usiku tu, au wawe na wawili usiku na mchana. Bei inapanda mfululizo, mstari unaousema upo. Wabanaji walitaka bila mlinzi, wakishindwa basi mmoja. Wengine walitaka mmoja, wakikosa basi wawili. Lakini kulikuwa na wenye mali ndani ambao walitaka wawili, na wakikosa wawili, bora kusiwe na yeyote! Walisema mlinzi mmoja wa usiku ni hela ya kutupa, mwizi anakuja mchana watu wakiwa kazini, heri kila mtu anunue kufuli lake na mbwa wake.

Makundi yalikaribiana. Bila mlinzi ikamshinda mmoja, mmoja akawashinda wawili, wawili wakaishinda bila mlinzi. Mwisho wake mwenye nyumba aliamua mwenyewe.

Binti Mvita

Umeona Mchumi? Wale wenye mali wana vilele viwili, kimoja kila upande, na bonde katikati. Kundi hilo moja likiwa kubwa vya kutosha, mtu wa katikati anapotea hata kama kila kitu ni shilingi.

Mwanakaunti

Hilo la pesa limenikumbusha Seneti yetu mwaka 2020. Walikuwa wanapitisha kanuni mpya ya kugawana mapato kati ya kaunti 47. Tume ya Ugavi wa Mapato ilileta pendekezo lililoipa idadi ya watu uzito mkubwa, kamati ya fedha ikaleta lake, maseneta wakaleta marekebisho juu ya marekebisho. Kaunti zenye watu wengi zilikuwa zinaongezewa, zile za kaskazini na nyingi za Pwani, kama Wajir, Mandera na Tana River, zilikuwa zinapunguziwa. Kikao kikaahirishwa mara nyingi. Mwezi wa Agosti maseneta watatu hata wakakamatwa na polisi. Mwishowe kamati ya watu 12 ndiyo iliyoleta suluhu Septemba. Kwangu mimi hilo lilikuwa duara lenu hili hili, ila la mabilioni.

Mwalimu Mstaafu

Nisite kidogo hapo. Duara ni pale A inapomshinda B, B inamshinda C, C inamshinda A. Seneti kila pendekezo lilikuwa linahitaji kaunti 24, kila kaunti kura moja. Pendekezo likipata 20 limeanguka, lakini halikushindwa na pendekezo jingine, limeshindwa na hali iliyopo. Mapendekezo yote yanaweza kuanguka hivyo bila duara lolote, kwa sababu tu hali iliyopo ina wengi dhidi ya kila moja. Mezani utaona jambo lile lile, vikao haviishi, lakini ugonjwa ni mwingine. Ukitaka kujua ni upi, pambanisha mapendekezo yenyewe kwa yenyewe. Seneti haikufanya hivyo kwa yote.

Mwanakaunti

Mwalimu nakubali hatukuona wakipambanishwa yote. Lakini kugawana ni kugawana. Ukishika gawio lolote, ninaweza kutafuta kaunti 24 ambazo zitaongezewa kidogo kila moja kwa kuzinyang'anya zile 23. Hizo 24 zitapiga kura ya ndiyo. Kisha mwenzangu atakuja na 24 nyingine.

Binti Mvita

Mwanakaunti yuko sahihi kwenye hesabu. Fanyeni watu watatu, Asha, Bakari na Chausiku, wanagawana 90 kwa kura ya wengi. Mwanzo ni 30 kila mmoja, haki tupu. Bakari anamnong'oneza Asha: tuchukue 45 kwa 45, Chausiku asipate. Wawili kwa mmoja, imepita. Chausiku anamfuata Asha: wewe 60, mimi 30, Bakari sifuri. Asha anaongezewa, Chausiku anaongezewa, imepita. Bakari naye anamfuata Chausiku: mimi 30, wewe 60, Asha sifuri. Imepita. Asha aliyebaki mikono mitupu anarudi kwa Bakari: 45 kwa 45. Bakari anatoka 30 anakwenda 45, anakubali. Tumerudi pale pale.

Hapa hatuhitaji watu wa ajabu wenye vilele viwili. Kila mtu anataka zaidi kwa ajili yake, basi. Kila gawio lina gawio jingine la kuliangusha.

Mzalendo Halisi

Sasa kama ni hivyo mbona mabunge yanapitisha bajeti kila mwaka? Mbona vyama vya kuweka na kukopa vinagawa faida bila watu kuzunguka mpaka kesho?

Mchumi Chipukizi

Kwa sababu duara ni nadra. Ukichukua wapiga kura watatu na machaguo matatu, kila mtu ana njia 6 za kupanga orodha, kwa watatu ni 6 × 6 × 6, yaani 216. Zinazoleta duara ni 12 tu. Ni moja katika 18.

Mwalimu Mstaafu

Hesabu ni sahihi, ila umeweka sharti kwamba kila orodha ina nafasi sawa na nyingine, kama vile watu wanapiga kura kwa kurusha dadu. Maisha hayako hivyo. Penye mstari mmoja wa wazi, kama kiwango cha mchango, duara linakuwa dogo kuliko hapo au halipo. Penye kugawana, Binti Mvita ameshaonyesha, lipo daima. Ukiongeza wapiga kura, kwa dadu hiyo hiyo, linapanda hadi karibu asilimia 9, na ukiongeza machaguo linazidi kupanda.

Kwa swali la Mzalendo, mimi naamini sababu ni kanuni za kikao. Bunge halipambanishi kila kitu na kila kitu. Kuna kamati inayoamua kipi kije mezani, marekebisho yanapigiwa kwanza, muswada uliorekebishwa unapigiwa mwisho dhidi ya kubaki tulivyo, na kilichokataliwa hakirudi kikao hicho. Kanuni zinalikata duara mahali fulani. Zikilikata mahali pengine, sheria nyingine inapita.

Mama Rehema

Mwalimu nakuheshimu lakini sikubaliani kwamba ni kanuni peke yake. Kikundi chetu hakina kamati wala spika. Wawili wakitaka kumnyang'anya wa tatu, wanajua mwezi ujao wataketi naye tena, na mtoto wake anasoma na wao. Asha wa Binti Mvita angemkataa Bakari pale mwanzo. Angesema 30 kila mmoja tumalize. Ninyi mnahesabu kana kwamba hawa watu wanaonana mara moja tu.

Binti Mvita

Mama, na hiyo ni kweli kwa kikundi cha watu wanaojuana. Kwa Seneti sijui. Nionavyo mimi Seneti iliponywa na kitu cha tatu: fungu liliongezwa. Walikubaliana kanuni mpya isianze mpaka fungu la kaunti lipande kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370, hivyo hakuna kaunti iliyopunguziwa. Hawakutatua mgawanyo, walimwaga pesa juu yake.

Mwanakaunti

Wapi fungu limeongezwa tu, mamangu. Kamati ya watu 12 waliketi faraghani wakabembelezana. Hiyo ni hoja ya Mama Rehema.

Mwalimu Mstaafu

Na kamati ya 12 ni kanuni. Wao wameleta kifurushi kimoja, kikapigiwa ndiyo au hapana.

Bajaji Na. 7

Haya, duara limehamia kwa wachambuzi 😀 Katibu bado yupo?

Katibu wa Bondeni

Nipo nasoma. Nimemwonyesha mwenyekiti huu uzi. Amekubali kwamba hakuna wizi, hilo limesaidia sana. Akasema basi Jumapili tupige kura ya *njia* kwanza: tutumie ya Fundi Sefu, ya Mwanakaunti, au ya mapambano na mshindi kukutana na wa tatu. Njia ikishapita, hakuna kulalamika.

Binti Mvita

Katibu subiri. Watu wako wameshasoma huku. Njia ya Fundi inatoa barabara. Njia ya Mwanakaunti inatoa kisima. Mapambano mkianza na kisima kwa barabara yanatoa taa. Kila kaya itaipigia njia inayoleta mradi wake. Wale 5 watapanga: Mwanakaunti, Fundi, mapambano. Wale 6: Fundi, mapambano, Mwanakaunti. Wale 4: mapambano, Mwanakaunti, Fundi. Ni zile zile 9 kwa 6, 11 kwa 4 na 10 kwa 5.

Fundi Sefu

Kwa hiyo njia nayo inazunguka.

Mzalendo Halisi

Basi gawanyeni. Kisima kifupi cha kupampu kwa mkono, taa nne kule vichakani, kifusi pale penye shimo kubwa tu.

Mwanakaunti

Mzalendo, ukisema gawanyeni umetupeleka kwa Asha na Bakari.

Mama Rehema

Siyo lazima. Kuna njia moja hamjaitaja: kila la kwanza pointi 2, la pili pointi 1, la mwisho sifuri. Nimejumlisha: barabara 17, kisima 14, taa 14. Inahesabu orodha nzima, si la kwanza tu.

Mwalimu Mstaafu

Ni njia ya zamani, ya Borda, Mfaransa wa wakati ule ule wa Condorcet, na wawili hao walibishana juu yake. Jihadhari na kitu kimoja. Wale 5 wa kisima wakijua pointi zinahesabiwa, wataiweka barabara mwisho na taa za pili hata kama moyoni sivyo. Barabara inashuka 12, kisima kinabaki 14, taa zinapanda 19.

Mama Rehema

Lakini Mwalimu hapo wamezipa taa ushindi, na taa ndizo wasizozitaka kabisa! Wakikaa wakahesabu hawatathubutu.

Mwalimu Mstaafu

Wakikaa wakahesabu, ndiyo. Na wale 4 wa taa je? Wao barabara ndiyo ya mwisho kwao, na wanaiona inashinda kwa 17. Wakipanga kisima kwanza na taa za pili, kisima kinapata 18, taa 10, barabara inabaki 17. Wamepata chaguo lao la pili.

Katibu wa Bondeni

Wale 4 wameshanipigia simu leo asubuhi kuuliza kama orodha niliyoichukua wanaruhusiwa kuibadilisha. Nimewaambia nitawajibu kesho. Mwalimu, Mama Rehema, niwaruhusu?